Nimwandikieje jirani yangu Muislamu aliyefiwa na baba?

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, Mlutheri wa Machame, ila maisha yangu yako Tanga, Ngamiani. Ukuta wangu na wa jirani yangu ni mmoja. Yeye ni Muislamu. Baba yake mzazi, tuliyekuwa tukimwita Mzee Fundi kwa sababu alikuwa seremala, alifariki Ijumaa usiku na Jumamosi adhuhuri wakamzika. Mimi niko Machame namuuguza mama, habari nimezipata watu wameshatoka makaburini. Nimempigia simu tukaishia kulia. Sasa nataka kumwandikia barua. Mdogo wangu wa kiume anashuka Tanga Alhamisi, ataipeleka.*

*Nimeanza hivi: "Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Mzee sasa yuko mikononi mwa Yesu, msihuzunike kama wengine wasio na matumaini." Mdogo wangu kasema hiyo haiendi kwa Muislamu, akanitafutia mtandaoni maneno ya Kiarabu nusu ukurasa, yanaanza "Inna lillahi" mpaka kwenye "kauli thabiti". Mzee wa kanisa naye kaniambia nikiyaandika hayo nimeikana imani yangu.*

*Mzee huyu alikuwa mtu wetu. Maji ya bomba yalipokatika alitufungulia kisima cha uani kwake. Nikamtuma mwanangu na elfu mbili za shukrani, zikarudi na kipande cha muwa juu. Nilikuwa nadaiwa naye Sh 70,000 za kitanda, nimefikiri niziweke kwenye bahasha ziwe ubani. Na mkewe, ambaye ndiye mama wa jirani yangu, nataka nimkaribishe huku kwenye baridi apumzike kidogo. Nishauri.*

*Jirani wa ukuta mmoja*

---

Marahaba mwanangu. Poleni na msiba, na mama umpe pole ya ugonjwa, Mwenyezi Mungu amponye.

Nakujibu nikiwa Muislamu, mtu wa pwani hiyohiyo, na barua za namna hii nimezisomewa na kuzisoma nyumbani kwetu. Kwa hiyo sikwambii vitabu tu, nakwambia pia zinavyosikika zikisomwa ndani ya nyumba ya msiba.

Kwanza hofu ya kuchelewa iondoe. Kwetu taazia hutolewa ndani ya siku tatu, na wanazuoni wengi hawapendi watu waendelee baada ya hapo, maana kila anayeingia anamtonesha mfiwa kidonda. Lakini haohao wanamtoa mtu aliyekuwa safarini. Wewe ulikuwa safarini, tena kwa mgonjwa. Barua ikifika Alhamisi imefika wakati wake. Omba radhi kwa sentensi moja basi, usiijaze barua kujieleza. Na usiandike kabisa, hata kwa utani wa majirani, kwamba hawakukusubiri. Najua huko kwenu maiti huweza kukaa mochwari siku kadhaa mpaka watoto walioko mbali wafike, halafu azikwe kihambani kwake. Kwetu kumharakisha maiti ndiyo kumheshimu. Akifa usiku, kesho yake mchana anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa na anazikwa, na mtoto wake wa kumzaa aliye mbali huenda akalikuta kaburi tu. Hakuna aliyekusahau.

Sasa tuje kwenye ulichoandika. Mwanzo wako hauko mbali na mahali unapotakiwa uwe, nawe pengine hujui. Mmoja wa mabinti wa Mtume Muhammad alimpelekea baba yake ujumbe kwamba mtoto wake yuko kwenye kufa. Mtume akamrudishia salamu na maneno haya: alichochukua Mwenyezi Mungu ni chake, na alichotoa ni chake, na kila kitu kwake kina muda wake maalumu, basi asubiri na ataraji malipo. Hiyo ndiyo taazia ambayo wanazuoni wetu huitaja kuwa bora kuliko zote. Sasa iweke pembeni ya maneno ya Ayubu uliyoyachukua wewe. Maana yake ni ileile: aliyetoa ndiye aliyechukua. Huyo Ayubu naye si mgeni kwetu, ni Nabii Ayubu, na subira yake inatajwa misibani.

Tatizo la mstari huo liko kwenye neno moja tu, "Bwana". Wewe ukilisema, na jirani yako akilisikia kwako, wote mnajua unamkusudia nani. Na mstari wenyewe ndio ule unaosomwa kwenye mazishi ya Kikristo, kwa hiyo aliyekaa mkekani anajiona kahamishiwa kanisani. Weka "Mwenyezi Mungu" na useme kwa maneno yako: Mwenyezi Mungu ndiye aliyetupa Mzee, na ndiye aliyemchukua. Hukupunguza kitu katika imani yako, na yeye anakuwa amesikia taazia ya Mtume wake kutoka kwako.

"Mikononi mwa Yesu" itoe. Nabii Isa sisi tunamheshimu, hilo halina ubishi. Lakini Mzee aliishi akiswali, akafa akiwa Muislamu, akaswaliwa msikitini. Ukimweka mahali ambapo yeye mwenyewe hakujiweka, umemhamisha dini wakati hawezi tena kukujibu. Najua hukukusudia hivyo. Barua haina uso wala sauti, atakayeisoma hatauona moyo wako.

Ile sentensi ya mwisho ndiyo inayonitisha zaidi, na nakushukuru kwa kuniuliza kabla hujaituma. Inatoka kwenye Wathesalonike wa Kwanza, 4:13, na najua nyie mnaizoea mpaka hamuisikii tena. Isome kama jirani yako: kuna watu wanaohuzunika kwa sababu hawana matumaini. Ni akina nani hao? Katika barua ya Mkristo kwenda kwa Muislamu, atajiona ni yeye. Umekwenda kumfuta machozi ukamwambia hana tumaini.

Halafu kuna jambo ambalo si la neno hili wala lile. Ndugu zetu Wakristo mkiwaliwaza watu mnapenda kusema marehemu yuko wapi: yuko mbinguni, amepumzika, anatuangalia, tutaonana asubuhi ile. Muislamu hasemi hivyo juu ya baba yake, hata awe alikuwa mcha Mungu wa kupigiwa mfano. Kwetu hukumu ya mja iko kwa Mola wake, na aliyebaki kazi yake ni kuomba. Ndiyo maana sentensi zetu zote za msiba ni dua: Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe, ampe makazi mema. Kwa hiyo ukishika kanuni moja hutakosea: kila utakalolisema juu ya hali ya Mzee huko aliko, lifanye liwe ombi. Usiandike "Mzee amepumzika", andika "Mwenyezi Mungu amrehemu". Hilo unaweza kuliomba kwa roho nyeupe, nawe humwombi mwingine ila Mungu unayemwomba kila siku.

Na hapa ndipo mzee wako wa kanisa na mdogo wako wanapogombana bila sababu. Yale ya mwanzo, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", ni aya ya Kurani, sura ya Al-Baqara, aya ya 156, na maana yake ni kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Si shahada. Hakuna aliyesilimu kwa kusema kwamba ni wa Mungu. Sijui Mkristo gani atasema yeye si wa Mungu au harejei kwake. Mzee wa kanisa asipate presha.

Ila mdogo wako naye simpi ushindi. Nusu ukurasa wa Kiarabu ulionakiliwa mtandaoni, kutoka kwa mtu anayejulikana hajui Kiarabu, unasomeka kama fomu iliyojazwa. Na ndani yake kuna mambo usiyoyaamini. Hiyo "kauli thabiti" ni dua inayohusu kaburi: kwetu tunaamini maiti akishazikwa hujiwa na malaika wawili, Munkar na Nakir, wakamuuliza Mola wake ni nani, dini yake na Mtume wake. Tunamuombea awe imara katika majibu. Wewe huna imani hiyo, basi usiiombe kwa mdomo tu. Jirani yako hakutegemei uiombe. Alichokitegemea ni wewe, yule mama wa ukuta wa pili, umwandikie kama unavyozungumza naye. Maana ya aya ile iandike kwa Kiswahili, inatosha sana: "Sote ni wake, na kwake tutarejea."

Sasa nije kwenye kitu ulichokitaja haraka haraka ukapita, na kwangu mimi ndicho barua yenyewe. Kisima.

Mtume amesema mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye kunufaisha watu, na mtoto mwema anayemuombea. Kila Muislamu aliyefiwa na mzazi amelisikia hili, na siku zile za mwanzo huwa linamzunguka kichwani. Analala anajiuliza: baba ameacha nini kinachoendelea kuandikwa? Na katika sadaka, maji yana nafasi yake. Saad bin Ubada, mmoja wa masahaba wa Madina, alifiwa na mama yake, akamuuliza Mtume sadaka ipi ni bora amtolee. Akajibiwa: maji. Akachimba kisima, akasema hiki ni cha mama yake.

Sasa wewe, Mkristo wa Machame, unajua habari ya kisima cha Mzee kuliko mashehe waliomzika. Wanao wamekunywa maji yale. Ulimpelekea elfu mbili akakataa. Watoto wake mwenyewe huenda hawaijui habari ya elfu mbili na muwa, maana mtu wa namna ile harudi ndani kutangaza. Ukiiandika, umempelekea binti yake kitu ambacho hakuna mwingine anayeweza kumpa: ushahidi kwamba kuna sadaka ya baba yake bado inatembea, na aliyeshuhudia si ndugu wala si wa dini yake, kwa hiyo hana sababu ya kumpamba. Tuna hadithi ya jeneza lililopita watu wakamsifu maiti kwa wema, Mtume akawaambia masahaba kwamba wao ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi. Tangu hapo kusema wema wa maiti ulioujua ni jambo linalopendwa sana kwetu.

Lakini sema ulichokiona, usikipambe. "Mzee alikuwa mtu wa watu, mkarimu, mcheshi, mwenye upendo" ni maneno ya kila msiba, yanamfaa hata mtu mbaya. Kamba, ndoo, mlango wa uani, elfu mbili zilizorudi, muwa. Hayo yanamfaa mtu mmoja tu.

Lile deni sasa. Hapa utanisamehe nitakuwa mkali kidogo. Fedha za deni haziwezi kuwa ubani. Ubani ni zawadi yako kwa wafiwa, na zile elfu sabini si zako, ulikuwa umezishika tu. Mzee alipofariki hazikupotea wala hazikuwa za binti yake peke yake; zimeingia kwenye mali aliyoiacha. Kwa sheria yetu kitakachotoka kwanza katika mali hiyo ni gharama za maziko, halafu madeni aliyodaiwa yeye, halafu wasia kama aliuacha, kinachobaki ndiyo mirathi. Mke mwenye watoto fungu lake ni thumuni, moja ya nane. Ikiwa hakuna kitakachotangulia kukata, basi katika elfu sabini zako yule mama ana Sh 8,750 ambazo ni haki yake kwa jina lake, na zilizobaki ni za warithi wengine. Ukizitia kwenye bahasha ya ubani akazipokea jirani yako, akanunulia sukari ya wageni, umemfanya ale haki ya mama yake na ndugu zake bila kujua. Na wewe mbele ya Mungu deni lako hujalilipa.

Utakuwa umewahi kumsikia mtu akisimama kwenye mazishi yetu, kabla watu hawajatawanyika, akasema: mwenye kumdai marehemu au kudaiwa naye aonane na familia. Tangazo lile halisemwi kukamilisha ratiba. Kwa hiyo chukua karatasi nyingine ndogo, mbali na barua, uandike: "Mimi fulani nilitengenezewa kitanda na Mzee kwa bei ya kadhaa. Nikalipa kadhaa. Zimebaki Sh 70,000, nazo ndizo hizi." Tia tarehe na saini. Mdogo wako amkabidhi mmoja wa watoto wa kiume wa marehemu, au yeyote anayesimamia mirathi, mbele ya mtu wa pili, waandike wamepokea. Kama fedha zote huna sasa, andika deni na siku utakayolipa. Kitakachowatuliza ni kujua lipo na mwenyewe amejitaja, maana huenda Mzee hakuliandika popote.

Kwa nini karatasi mbali? Kwa sababu barua ya msiba kwetu haisomwi na mtu mmoja. Atakayeipokea ataisoma kwa sauti kumsomea mama yake, na shangazi zake wamekaa hapohapo mkekani. Habari za kitanda na fedha zikiwa katikati ya taazia, watakumbuka za fedha. Kwa sababu hiyohiyo isizidi ukurasa mmoja, na uandike sentensi ambazo mtu anaweza kuzisoma huku sauti inatetemeka.

Ubani toa, hata elfu kumi, hata tano, katika bahasha yake. Na kama mdogo wako anapanda basi na mzigo, mpe mkungu wa ndizi na maparachichi, nyumba ya msiba inalisha watu wengi. Ukiamua kutuma kuku, mtume akiwa hai wamchinje wenyewe.

Kuhusu kumkaribisha mama Machame, nia yako ni nzuri na usiiandike. Yule mama yuko eda. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi, hesabu ya mwezi unaoandama, na imetajwa kwenye Kurani katika sura hiyohiyo ya Al-Baqara, aya ya 234. Anakaa katika nyumba ya mumewe, hasafiri kwenda kupunga upepo, hajitii manukato wala hajipambi, na hazungumzii habari za kuolewa. Mialiko ya safari inamlazimisha akukatalie mtu aliyemtendea wema. Tena watu wa nje wakisikia eda hudhani mama amefungiwa, wakaanza kumwonea huruma. Usimwandikie huruma hiyo. Akimaliza, mwalike kwa mdomo wako, atakuja au hatakuja.

Arobaini pia usiitaje. Kuna nyumba za Kiislamu zinazosoma hitima na kufanya arobaini, na kuna zinazoona hayo si katika mafundisho, na ndani ya ukoo mmoja utawakuta wote wawili wakitazamana kwa jicho la pembeni. Ukiandika "nitakuwepo kwenye arobaini" umeingia kwenye ugomvi usioujua. Sema utakwenda kuwaona ukirudi.

Hivi ndivyo mimi ningeiandika kwa mkono wako. Pale penye kisima weka unayoyakumbuka wewe, mimi nimetumia uliyoniambia na kukisia machache.

*Machame, Jumanne*

*Dada yangu na jirani yangu,*

*Salamu kwako, kwa Mama na kwa nyumba nzima.*

*Poleni sana kwa kuondokewa na Mzee. Habari zilinifika Jumamosi jioni nikiwa huku kwa mama yangu mgonjwa, nikashindwa kuja kukaa nanyi. Nisameheni.*

*Mwenyezi Mungu ndiye aliyetupa Mzee, na ndiye aliyemchukua. Sote ni wake, na kwake tutarejea. Namwomba amrehemu Mzee, amsamehe, na awape ninyi subira.*

*Dada, kuna jambo nataka watoto na wajukuu wa Mzee walijue, kwa sababu mimi nililiona. Maji ya bomba yalipokatika, Mzee aliufungua mlango wa uani, akaacha ndoo na kamba pale kisimani, na kila aliyekuja alichota bila kuulizwa ni wa nyumba gani. Wanangu wameoga na kunywa maji yale. Siku moja nilimtuma mwanangu amtolee Mzee elfu mbili za shukrani. Alirudi nazo mkononi, na kipande cha muwa alichopewa na Mzee. Sikumwambia mtu. Leo nawaambia ninyi. Maji yale bado tunayachota, na kila tukichota tutamkumbuka kwa wema.*

*Mama mpe pole yangu ya pekee. Mwambie namkumbuka kila siku, na nikirudi nitaingia kwake kabla sijaingia kwangu.*

*Watoto wangu na baba yao wanawapa pole. Lolote litakalohitajika upande wetu wa ukuta, gongeni tu, baba watoto yupo.*

*Mwenyezi Mungu awatie nguvu. Amina.*

*Jirani yako na dada yako*

Umeona "Amina" mwishoni. Hiyo ni yetu sote, kila mtu ataitikia kwa namna yake. Mwanzoni nimeweka "salamu" kwa kuwa sijui mnasalimianaje. Kama siku zote unampigia hodi kwa "Assalaam alaikum" naye anakuitikia, iandike hivyohivyo. Kama hukuwahi, msiba si mahali pa kuanzia. "Bwana asifiwe" iache kwa leo.

Karatasi ya kawaida inafaa, hata ya daftari la mtoto ikikatwa vizuri. Kadi za msiba za dukani nyingi zina msalaba, mshumaa au mikono iliyokunjwa, ziache. Picha ya Mzee usiitie. Na bahasha ziangalie kabla ya kufunga: nyumba za Kilutheri hazikosi bahasha za ahadi zenye jina la usharika, na ubani ukiingia katika bahasha ya aina hiyo watu watacheka mpaka eda iishe.

Mdogo wako mwelekeze. Akifika asiingie moja kwa moja ndani. Awasalimie wanaume watakaokuwa nje, akae nao kidogo, hata turubai likiwa limeshaondolewa atawakuta kibarazani. Aseme ametoka kwako, aombe kuonana na mume wa jirani yako au kaka yake, na barua ampe huyo aifikishe. Mama mwenye eda hatatoka kuonana na mwanamume asiye maharimu wake, asione amedharauliwa. Akiletewa chakula ale, asikatae kwa aibu ya kuwala wafiwa.

Usingoje barua ya kujibu. Huenda ukapata ujumbe mfupi wa simu wenye dua tu, huenda usipate chochote mpaka mkutane. Wewe ukirudi vua viatu mlangoni, ujitande khanga, ingia chumbani kwa Mama ukae naye mkekani. Wewe ni mwanamke, hakuna anayekuzuia, na miezi minne ni mirefu kwa mtu asiyetoka. Mpelekee habari za sokoni.

Na mzee wa kanisa akitaka kuisoma barua kabla haijasafiri, mpe, hakuna humo kitu cha kumficha. Ile karatasi ya kitanda tu ndiyo usimwonyeshe.